Besi Inapopumua

Ukitaka kujua kama wimbo wa matarumbeta umepangwa vizuri, usiwatazame wapigaji. Tazama miguu ya watu wanaowafuata. Mtoto wa miaka minne, bibi mwenye fimbo, kijana aliyeshika simu akirekodi, wote wakikanyaga pamoja bila mtu kuwahesabia, basi ujue besi iko mahali pake. Wakianza kukimbizana na kukanyagana visigino, besi imepotea, hata kama tarumbeta zinalia vizuri kiasi gani.

Bendi yetu ya Mkwajuni ina wimbo mmoja tunaouita wimbo wa kutokea, kwa sababu ndio tunaopiga watu wanapotoka: maharusi wakitoka kanisani, waumini wakitoka makaburini alfajiri ya Pasaka, mgeni akisindikizwa kwenda barabarani kupanda gari la Mbalizi. Hauna maneno. Hakuna aliyeuandika. Nilipojiunga na bendi nikiwa kidato cha tatu niliukuta, na walionitangulia nao waliukuta. Unakwenda hatua 112 kwa dakika, mwendo ambao mtu mzima anaweza kuutembea bila kuhema na mtoto anaweza kuufuata kwa kurukaruka kidogo. Mzunguko wake mmoja ni hatua 64, yaani kama sekunde 34. Ukiisha unaanza upya, mpaka mwisho wa safari.

Nataka nieleze jinsi wimbo huo ulivyobadilika, kwa sababu mabadiliko yenyewe yalitokana na mapafu ya mjomba wangu.

Kwanza wimbo wenyewe. Wakati ule tulikuwa watu kumi na mmoja: tarumbeta nne, tromboni tatu, baritoni moja ambayo ni yangu, tuba moja ambayo ilikuwa ya mjomba, ngoma kubwa na ngoma ndogo. Tarumbeta zinaanza kwa kuuliza. Swali lao lina urefu wa hatua nane, na linaishia juu, kwenye so, mahali ambapo sikio linabaki linasubiri. Tromboni zinajibu kwa hatua nane nyingine na kurudisha wimbo nyumbani, kwenye do. Tarumbeta zinauliza tena, tromboni zinajibu tena. Hizo ni hatua 32, nusu ya mzunguko. Nusu ya pili mabishano yanapamba moto: tarumbeta hatua nne, tromboni hatua nne, tarumbeta nne, tromboni nne, kama watu wanaokatana maneno. Kisha wote wanapatana na kupiga pamoja hatua 16 za mwisho.

Kupokezana huko si urembo tu. Midomo ya mpiga tarumbeta ni nyama inayobanwa kwenye kikombe cha chuma na kutetemeshwa kwa pumzi. Ikibanwa muda mrefu damu haipiti vizuri, inakufa ganzi, na sauti za juu zinaanza kupasuka. Mtu anayepiga amekaa kwenye kiti anaweza kuvumilia. Anayepiga huku anatembea kwenye barabara ya vumbi na mawe, kila hatua ikigongesha chuma kwenye meno, anachoka haraka zaidi. Hatua nane za kunyamaza ni zaidi ya sekunde nne. Anashusha tarumbeta, analamba midomo, anavuta pumzi, damu inarudi. Wimbo usiokuwa na mapokezano unapendeza kwenye mazoezi, lakini barabarani unakufa kabla hamjafika.

Walioleta matarumbeta makanisani kwetu hawakuja na mtindo huu. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na desturi yao ya kupiga tromboni ina mizizi Herrnhut, kule Ujerumani, tangu karne ya 18. Ni desturi ya nyimbo za ibada zenye sauti nne zinazotembea pamoja, taratibu, kama watu wanne waliobeba jeneza. Mazungumzo ya kuuliza na kuitikia yalikuwapo ngomani kwetu tayari. Na kulikuwa na mlango mwingine: beni. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975, kuhusu ngoma hiyo ya vijana wa pwani waliojigawa katika vyama vya Marini na Arinoti, wakavaa sare, wakapeana vyeo na kushindana kwa gwaride. Vita Kuu ya Kwanza iliwachanganya askari na wapagazi wa kila kabila, na waliporudi makwao walirudi na beni. Huku upande wa Ziwa Nyasa ilizaa mganda na malipenga, ambako watu wasiokuwa na chuma walitumia vibuyu vyenye utando wa buibui, na wakapata gwaride zima lenye sauti nyembamba na nzito. Nikisikiliza wimbo wetu wa kutokea nasikia nyumba zote mbili: vyombo ni vya kanisani, ubishi ni wa uwanjani.

Lakini tazama tena mpangilio niliouelezea. Tarumbeta zinapumzika tromboni zinapojibu. Tromboni zinapumzika tarumbeta zinapouliza. Tuba inapumzika lini? Haipumziki. Inapiga nota moja kwa kila hatua, kushoto do, kulia so, kushoto do, kulia so, hatua zote 64, chini ya waulizaji na chini ya wajibuji. Haina wa kupokezana naye.

Mjomba alipiga tuba kwa miaka mingi, na tuba yenyewe ilikuwa nusu ya mgonjwa. Ina pistoni tatu, na wakati ule mbili zilikuwa zimekwama. Zililainishwa kwa mafuta ya cherehani, ambayo yakichanganyika na mate na vumbi yanakuwa gundi. Iliyokuwa hai ni pistoni ya kwanza tu. Mtu mwingine angesema chombo hicho kimekufa. Mjomba alinionyesha kwa nini kilikuwa hai.

Tarumbeta, tromboni, baritoni na tuba zote ni bomba. Bomba la tarumbeta likinyooshwa lina kama mita moja na nusu. La tromboni ni mara mbili ya hilo, na la tuba yetu, ambayo ni ya B-fleti, ni mara mbili ya la tromboni, yaani zaidi ya mita tano. Bomba lolote la aina hiyo, hata bila kubonyeza kitu, linatoa sauti kadhaa za asili kwa kukaza au kulegeza midomo: do ya chini, so, do ya juu, mi. Pistoni kazi yake ni kuongeza kipande cha bomba ili sauti ishuke, na ya kwanza inashusha sauti kwa hatua moja nzima. Kwa hiyo ukipiga so na kubonyeza pistoni ya kwanza, unapata fa. Do, fa na so. Wimbo wa kutokea umesimama juu ya nguzo hizo tatu. Tuba yenye pistoni moja inaubeba wote, mradi tu usiitake ikupe la au ti.

"Mjomba, mtu mwenye maneno matatu akiyasema kwa wakati wake, watu wanamwelewa," aliniambia. Kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba.

Kilichokuwa kinamshinda si pistoni, ni pumzi. Tarumbeta inataka pumzi kidogo inayosukumwa kwa nguvu. Tuba ni kinyume chake: haitaki nguvu nyingi ila inataka hewa nyingi, hasa chini, kwa sababu midomo inafunguka zaidi na kila nota inameza hewa. Mpiga tuba mzima huvuta pumzi kila baada ya hatua nne hivi, haraka, kwa pembe za mdomo, kati ya nota na nota. Mjomba alianza kuvuta kila hatua mbili. Kisha akaanza kuziruka nota. Kisha tukaanza kusikia kikohozi ndani ya bomba, na kikohozi ndani ya tuba kinasikika kama mtu anayegonga pipa tupu.

Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, lakini kabla ya ofisi kulikuwa na dhahabu. Ukanda huu wa Lupa ulichimbwa tangu enzi za mkoloni, na hadi leo wachimbaji wadogo wanashusha kamba kwenye mashimo. Mawe yakitoka shimoni hupelekwa kwenye makarasha, mashine zinazoyasaga mpaka yawe unga. Mjomba alifanya kazi kwenye karasha moja kwa miaka kumi na minne, akisaga makavu, amejifunga kitambaa puani. Nikiwa mdogo nilimjua kwa rangi mbili: Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa mweupe kama aliyetumbukia kwenye gunia la sembe, Jumapili alikuwa mweusi ndani ya shati la bendi.

Alipopimwa makohozi hakukutwa na kifua kikuu. Picha ya kifua aliyopigwa Mbeya ndiyo iliyoeleza. Vumbi la mawe yale lina silika, na chembe zake ndogo kabisa hupita kitambaa, hupita pua, hufika mwisho wa mapafu na kubaki. Mwili unajaribu kuzizunguka, na pale panapozungukwa panakuwa kovu. Kovu halitanuki. Mapafu yenye makovu mengi ni kama puto lililopakwa gundi likakauka: pumzi ipo, ila nafasi ya kuiweka haipo. Hakuna dawa inayoondoa makovu hayo. Daktari alimwambia aachane na karasha, awahi hospitali akipata homa au jasho la usiku kwa sababu kifua kikuu hupenda mapafu ya namna hiyo, na asibebe mizigo kupanda kilima. Kuhusu tuba alimwambia apige kadiri anavyoweza bila kujikaza.

Kwa hiyo karasha aliacha. Tuba hakuacha, na hapo ndipo shida ya bendi ilipoanza.

Mwalimu wetu wa bendi alikuwa mtu mwema mwenye hesabu zake. Pasaka ilikuwa imebaki wiki saba. Alfajiri ya Pasaka tunatembea na waumini kwenda makaburini, tunapiga nyimbo za taratibu tukiwa tumesimama katikati ya makaburi mpaka jua linachomoza, kisha tunarudi kanisani na wimbo wa kutokea, watu wote nyuma yetu. Kurudi ni kama dakika kumi na tano. Kwa mwendo wa hatua 112, hizo ni hatua 1,680, na kwa tuba maana yake ni nota 1,680, wimbo mzima mara 26. Mwalimu alipendekeza mjomba apumzishwe na besi ipigwe kwa kinanda kilichofungwa spika nyuma ya pikapu. Hakulisema kwa dharau. Alilisema akitazama chini.

Mjomba alijibu, "Mwalimu, sawa," akaifuta tuba kwa kitambaa, akaiweka kwenye gunia lake. Jioni hiyo hakula. Shangazi, mke wake, aliniambia nisimuulize kitu.

Niliomba tujaribu njia nyingine kwa wiki mbili, na mwalimu akakubali. Tulifanya mazoezi jioni, uwanjani nyuma ya kanisa, tukitembea kwa duara. Simu yangu ndiyo iliyokuwa mpimaji: nilikuwa nabonyeza saa kwenye hatua ya kwanza na kuizima kwenye ya 64. Ikisoma sekunde 34, mwendo ni wetu.

Jaribio la kwanza lilikuwa rahisi kufikiria: niipige besi yote kwa baritoni, mjomba asikilize tu. Bomba la baritoni lina urefu sawa na la tromboni, kwa hiyo do yangu ilikuwa juu ya do ya mjomba kwa oktavu nzima. Nota zilikuwa sahihi zote. Lakini wimbo ulipaa. Tarumbeta hazikuwa na kitu kizito cha kuegemea, zikaanza kuharakisha bila kujua, na tromboni zikajibu kwa haraka ileile. Mzunguko wa tatu saa ilisoma sekunde 30, na hiyo ni hatua 128 kwa dakika, karibu na kukimbia. Waimbaji wa kwaya waliokuwa wanatufuata kwa kutusaidia waliishia kucheka na kukaa chini.

Jaribio la pili lilikuwa wazo la mwalimu mwenyewe. Mjomba apige mguu wa kushoto tu, ile do, mimi nipige mguu wa kulia, ile so. Kazi yake inapungua kwa nusu: nota 32 badala ya 64. Saa ilisoma sekunde 34 mzunguko wa kwanza, na wa pili, na watu wakaanza kutabasamu. Mzunguko wa nne mjomba alisimama, akashika goti kwa mkono mmoja, tuba ikining'inia kwenye mkanda wake. Kikohozi kilichukua muda mrefu mpaka ngoma zikanyamaza zenyewe.

Nililala nikiwaza jambo hilo. Tumempunguzia nusu ya kazi na bado amechoka upesi hivyo. Kesho yake nilimuuliza, na jibu lake lilikuwa jibu la mtu aliyekaa na mapafu yake muda mrefu.

"Mjomba, mnanipa mapumziko kwa vipande vidogo. Nusu sekunde, nusu sekunde. Nikifungua kifua nivute, imefika zamu yangu tena. Kifua changu siku hizi kinafunguka taratibu kama mlango wa bati uliopinda. Kinataka mtu asubiri."

Hapo nikaelewa. Nota 32 zilizotawanywa, kila moja na nafasi ya nusu sekunde baada yake, hazimpi mtu mwenye kifua kigumu pumzi hata moja kamili. Anaishi kwa kuonja hewa. Nota hizohizo 32 zikikusanywa pamoja, na kimya nacho kikikusanywa pamoja, ni kitu kingine. Na wimbo wenyewe ulikuwa tayari unajua namna ya kukusanya kimya. Ulikuwa umewapa tarumbeta na tromboni. Haukuwa umempa besi.

Tukaupanga hivi. Tarumbeta zinapouliza, hatua nane, tuba inapiga kama zamani, do na so kwa kila mguu. Tromboni zinapojibu, tuba inanyamaza kabisa, na mimi naacha kuzifuata tromboni kama nilivyokuwa nafanya zamani, nachukua besi kwa baritoni. Kwa kuwa siwezi kufika chini alipo, sijifanyi kuwa yeye. Napiga besi inayotembea: naanza juu juu, na kwenye hatua nne za mwisho napanda so, la, ti, na kwenye hatua inayofuata mjomba anaangusha do yake ya chini. Ile la na ti ambazo tuba yake yenye pistoni moja haikuzipata, baritoni ilizipata. Kipande cha mabishano mafupi ni vilevile, hatua nne kwake, hatua nne kwangu. Hatua 16 za mwisho, bendi yote ikipiga pamoja, yeye anapiga mguu wa kushoto tu, kwa sababu hapo kelele ni nyingi na ngoma kubwa inaweza kumfichia mguu wa kulia.

Hesabu basi: nusu ya kwanza ana nota 16, kwenye mabishano ana nane, mwishoni ana nane. Jumla 32. Idadi ileile ya jaribio lililomwangusha. Kilichobadilika ni mahali pa kupumzikia. Sasa alikuwa na sekunde nne kamili mara mbili katika kila mzunguko, na sekunde mbili mara mbili nyingine. Katika sekunde nne alikuwa anatoa hewa yote ya zamani, anasubiri mlango wa bati ufunguke, anavuta, na bado anabaki na hatua moja ya kuweka midomo sawa.

Shida iliyobaki ilikuwa kwenye kiungo. Tuba ni nzito kuamka. Bomba la mita tano halitoi sauti mara tu unapopuliza. Hewa iliyolala ndani lazima itikiswe kwanza, na nota ya chini huchelewa kidogo. Mpiga tuba akisubiri mguu uguse chini ndipo apulize, amechelewa. Kila mara mjomba aliporudi baada ya kimya, do yake ya kwanza ilikuja nyuma ya ngoma kubwa, na unasikia du-dum mahali panapotakiwa dum. Tukapatana kwamba atapuliza mguu ukiwa bado hewani, akifuata ti yangu na siyo ngoma. Tulikirudia kiungo hicho peke yake, mimi na yeye, jioni tatu, tukizunguka mti ulioko uani kwake, mimi so-la-ti, yeye do. Watoto wa jirani waliishika sauti hiyo wakawa wanaiimba wakiteka maji. Siku ya nne du-dum ikaisha.

Mwalimu alitusikiliza bila kusema neno mizunguko minane. Saa ilisoma 34, 34, 35, 34. Alipofungua mdomo, alimwambia mwenye pikapu asihangaike kuja.

Pasaka ile mjomba alipiga kutoka makaburini mpaka kwenye mteremko ulio mbele ya kanisa. Mwisho wa njia kuna kipande cha kupanda, kama hatua mia mbili, na hapo tulikuwa tumekubaliana mapema: kijana wa ngoma ndogo anampa mwenzake fimbo, anambebea mjomba tuba, mjomba anatembea mikono mitupu, mimi na ngoma kubwa tunabaki na besi. Watu walikuwa tayari wameshika mwendo miguuni, na mwendo ulioshikwa huwa haupotei kwa hatua mia mbili. Huo ndio mpaka wa mpango wetu. Usingefaa kwa kilima kirefu, na usingefaa kwa bendi isiyo na baritoni au mtu mwingine wa sauti ya kati. Wala haukumponya mtu. Mapafu yake yaliendelea kuganda kama daktari alivyosema.

Alipiga Pasaka mbili zaidi. Ya tatu alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kanisa akatusubiri turudi, na tulipokaribia niliona mguu wake wa kushoto ukigonga ardhi, ukinyamaza hatua nane, ukigonga tena. Siku hizi hatembei mbali. Akipata nguvu anakaa uani na kusugua pistoni za tuba kwa kitambaa. Mbili zilizokwama alizifungua mwenyewe kwa mafuta ya taa na subira ya wiki nzima, wakati ambapo yeye hakuhitaji tena kuzitumia.

Tuba sasa anapiga binti wa kidato cha nne, mrefu, mcheza mpira wa pete, mwenye mapafu ya kuendesha tuba mbili. Wiki zake za kwanza alijaribu kupiga hatua zote 64, kwa kuwa aliweza na kwa kuwa vitabu vinaonyesha hivyo. Bendi ikamkatalia. Walisema wimbo umejaa mno, tromboni hazisikiki, kiungo cha so-la-ti-do hakipo. Wengi wao walijiunga baada ya mjomba kukaa chini, na kwao wimbo wa kutokea uko hivyo tangu zamani. Aliniuliza, "Kaka, kwani besi inanyamaza hapa kwa nini?" Nikampeleka kwa mjomba akamuulize mwenyewe. Mjomba alimtazama, akatazama tuba yake iliyong'aa, akahema kwanza kama anavyohema siku hizi kabla ya sentensi yoyote.

"Hapo," akamwambia, "wasikilize tromboni."

Binti akaitikia, shikamoo yake ya kuaga ikafuata, akaibeba tuba kwenda mazoezini. Tulimsikia kutoka uani: hatua nane, kimya, hatua nane.